Mwongozo kamili: kufuatilia kosa la valini kutoka kwenye sinthetesi hadi kwenye protini

Swali linalowaangusha wanafunzi wengi wa biokemia ninaowasaidia hapa Dar es Salaam ni lile lile kila muhula: eleza jinsi seli inavyohakikisha kwamba kodoni ya isoleusini haipati valini. Majibu mengi huanza vizuri, yakataja tRNA na ATP, kisha huishia kwenye sentensi inayosema kwamba ribosomu hukagua amino asidi na kuikataa isiyostahili. Sentensi hiyo hubomoa jibu zima, kwa sababu ribosomu haifanyi kazi hiyo. Ukaguzi wa amino asidi hufanyika mapema zaidi, kwenye vimeng'enya vinavyoitwa aminoasili-tRNA sinthetesi, ambavyo kazi yake ni kupakia amino asidi sahihi juu ya tRNA inayoistahili.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tu hadi mwisho: sinthetesi ya isoleusini, ambayo kwa kifupi huandikwa IleRS, na namna inavyoizuia valini. Nimeuchagua kwa sababu ndio mfano uliochunguzwa kwa kina zaidi, na kwa sababu hesabu zake zinaweza kufanywa kwa kalamu.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari la hesabu lenye miraba na penseli yenye kifutio.
- Kikokotoo cha sayansi chenye kitufe cha kipeo, yaani kile cha kuzidisha namba kwa yenyewe mara nyingi.
- Jedwali la kodoni, ambalo stesheneri yoyote iliyo karibu na chuo itakuchapia kwenye karatasi moja.
- Michoro ya kikemia ya amino asidi tano: isoleusini, valini, threonini, serini na alanini.

Usianze na kitabu kikiwa wazi kwenye mchoro wa ribosomu. Mchoro huo huvuta mawazo yako kwenye hatua ya mwisho kabla hujaielewa ya kwanza, na hapo ndipo kosa nililolitaja huzaliwa.

## Hatua ya 1: Chora amino asidi mbili kando kwa kando

Chora valini upande wa kushoto na isoleusini upande wa kulia, kisha zungushia sehemu zinazotofautiana. Sehemu ya nyuma, yenye kundi la amino na kundi la asidi, ni ile ile kwa zote mbili. Tofauti iko kwenye mnyororo wa pembeni tu: isoleusini ina CH2 moja zaidi ya valini.

Sababu ya kuchora ni kuona kwa macho kwamba tatizo hili lina upande mmoja mgumu na upande mmoja mwepesi. Sinthetesi ya valini haihangaiki na isoleusini, kwa kuwa mfuko wake umebana na isoleusini haiingii vizuri. Sinthetesi ya isoleusini ndiyo yenye shida, kwa sababu mfuko unaoipokea isoleusini utaipokea pia valini iliyo ndogo kuliko hiyo. Kimeng'enya kinaweza kukizuia kilicho kikubwa kwa kukinyima nafasi, lakini hakina njia ya kukiwekea kilicho kidogo ukuta ambao kikubwa kitaupita.

Valini ikiingia, huacha uwazi pale ambapo CH2 ingekaa. Uwazi huo hupunguza nguvu ya kushikamana, na upungufu huo ndio silaha pekee ya mfuko wa kwanza. Ni silaha yenye kikomo, na hesabu ya hatua ya 3 itaonyesha kikomo chenyewe.

Utajua umefaulu ukiweza kueleza, bila kutazama daftari, kwa nini kosa la valini kuingia kwenye nafasi ya isoleusini ni la kawaida kuliko kosa la isoleusini kuingia kwenye nafasi ya valini.

## Hatua ya 2: Andika mmenyuko kwa mistari miwili, siyo mmoja

Vitabu vingi hufupisha kazi ya sinthetesi kwa mstari mmoja. Wewe iandike kwa miwili:

```
Ile + ATP -> Ile-AMP + PPi
Ile-AMP + tRNA(Ile) -> Ile-tRNA(Ile) + AMP
```

Mstari wa kwanza huitwa uamshaji: amino asidi huunganishwa na AMP, na pairofosfeti, yaani PPi, huachiliwa. Mstari wa pili ni uhamishaji: amino asidi huondoka kwenye AMP na kukaa kwenye ncha ya tRNA, kwenye adenosini ya mwisho ya mfuatano wa CCA. Alama tRNA(Ile) ina maana ya tRNA inayosoma kodoni za isoleusini, ambazo ni AUU, AUC na AUA, hata kama haijabeba kitu.

Sasa iandike mistari hiyo hiyo upya kwa valini, ukibakiza tRNA(Ile) kama ilivyo. Utapata kwanza Val-AMP, kisha Val-tRNA(Ile). Hivi ndivyo vitu viwili ambavyo seli inapaswa kuviharibu, na kila kimoja kinaweza kuharibiwa kwa wakati wake. Aliyeandika mmenyuko kwa mstari mmoja hataona mahali pa kuweka marekebisho ya aina mbili.

Tahadhari. ATP hapa haivunjwi kuwa ADP. Huvunjwa kuwa AMP na pairofosfeti, na pairofosfeti yenyewe huvunjwa baadaye na kimeng'enya kingine, jambo linalousukuma mmenyuko uende mbele. Kwa hiyo gharama ya kupakia tRNA moja ni bondi mbili za fosfeti zenye nishati nyingi. Ukiandika ADP, hesabu ya hatua ya 7 itakuwa nusu ya inavyotakiwa.

## Hatua ya 3: Kokotoa chekeche la kwanza

Mfuko wa uamshaji huamsha isoleusini kwa ufanisi unaokaribia mara 200 ya ule wa valini, kiasi zote mbili zikiwa sawa. Namba hiyo imepimwa kwa IleRS ya bakteria *E. coli*, na vitabu hutofautiana kidogo, vingine vikiandika 150. Tumia 200 kwa zoezi hili.

Hapa ndipo wengi huandika kwamba kosa ni 1 kwa 200 na kuendelea. Wanasahau kwamba ndani ya seli amino asidi hizi hazilazimiki kuwa na wingi sawa. Chukua mfano wa seli ambayo valini ni mara 5 ya isoleusini. Uwiano wa uamshaji utakuwa hivi:

```
Val : Ile = (1/200) x 5 = 1/40
```

Maana yake ni kwamba kwa kila isoleusini 40 zilizoamshwa, valini 1 nayo imeamshwa. Hiki ndicho kikomo cha chekeche la kwanza katika seli hii, na ni kibaya mno kwa kazi ya kutengeneza protini.

Tahadhari. Usichanganye uwiano na sehemu. Uwiano wa 1 kwa 40 ni sehemu ya 1/41 ya jumla, kwa kuwa jumla ina vitu 41. Tofauti ni ndogo, lakini msahihishaji makini ataiona, na itakusaidia hatua ya 6.

Utajua umefaulu ukibadilisha wingi wa valini kuwa sawa na isoleusini na kupata jibu jipya bila kufungua kitabu.

## Hatua ya 4: Weka chekeche la pili mahali pake

Vipimo vilivyofanywa kwenye protini halisi vilionyesha kwamba valini hukaa kwenye nafasi ya isoleusini karibu mara 1 kati ya 3000. Linganisha na 1 kwa 40 uliyopata. Pengo hilo lazima lifunikwe na kitu, na kitu hicho ni eneo la pili ndani ya sinthetesi ile ile, liitwalo eneo la kusahihishia.

Eneo hili liko kwenye sehemu ya kimeng'enya inayojulikana kama CP1, umbali wa nanometa 3 na kidogo kutoka kwenye mfuko wa uamshaji. Ni mfuko mdogo kuliko ule wa kwanza. Valini huingia ndani yake na isoleusini haiingii. Kinachoingia hukatwa kwa maji, yaani haidrolisisi, na amino asidi huachiliwa huru.

Huu ndio utaratibu ambao wanabiokemia huuita machekeche mawili, na ni jina linaloeleweka kwa yeyote aliyewahi kuchekecha unga. Chekeche la kwanza hukataa vilivyo vikubwa kuliko isoleusini. La pili ni laini zaidi, na hapa lazima usome polepole: kinachopita kwenye tundu zake ndicho kinachoharibiwa, na kinachobaki juu ndicho kinachohifadhiwa. Isoleusini huokoka kwa kuwa kubwa mno kwa mfuko wa pili. Tatizo la hatua ya 1, kwamba kidogo hakizuiliki kwa ukubwa, limegeuzwa: udogo ule ule ulioipitisha valini mlangoni ndio unaoipeleka kwenye kukatwa.

Usahihishaji hutokea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kabla ya uhamishaji: Val-AMP huvunjwa kabla valini haijafika kwenye tRNA. Ya pili ni baada ya uhamishaji: valini imeshakaa kwenye ncha ya CCA, na ncha hiyo hupinda kutoka kwenye mfuko wa uamshaji hadi kwenye eneo la kusahihishia, ambako valini hukatwa na tRNA kubaki tupu, tayari kupakiwa upya. Andika njia zote mbili kwenye jibu lako, ukizitofautisha kwa majina ya vitu vinavyovunjwa.

Sasa kokotoa kazi ya chekeche la pili. Kama mwishoni zimebaki tRNA 3000, nazo ni isoleusini 2999 na valini 1, basi mwanzoni valini zilizoamshwa zilikuwa:

```
2999 x 1/40 = karibu 75
```

Kati ya 75, moja imepenya na 74 zimekatwa. Chekeche la pili, kwa hiyo, huruhusu 1 kati ya 75. Si kamilifu, na halihitaji kuwa kamilifu, kwa kuwa kinachohesabika ni zao la machekeche mawili.

Utajua umefaulu ukiweza kujibu swali hili: kwa nini kimeng'enya hakikutengeneza tu mfuko mmoja mzuri zaidi? Jibu limo kwenye mchoro wako wa hatua ya 1. CH2 moja hutoa nguvu ya kushikamana yenye kikomo, na mfuko mmoja hauwezi kutoa zaidi ya kile ambacho CH2 hiyo inacho.

## Hatua ya 5: Fuata tRNA iliyokosewa hadi kwenye ribosomu

Hatua hii ndiyo inayotenganisha jibu zuri na jibu bovu. Chukua ile Val-tRNA(Ile) moja iliyopenya, na uipeleke kwenye kodoni AUC.

Katika kikundi chetu cha Jumamosi huko Sinza, swali huwa ni hili: "Mwalimu, kwani ribosomu haioni kwamba hii ni valini?" Haioni. Ribosomu hupima jinsi kodoni inavyolingana na antikodoni, na antikodoni ya tRNA hii ni sahihi kabisa kwa AUC. Amino asidi iko upande wa pili wa molekuli, kwenye ncha ya CCA, umbali wa nanometa 7 hivi kutoka kwenye antikodoni. Valini itaingizwa kwenye mnyororo na kazi itaendelea.

Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1962 kwa jaribio ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulikumbuka. Watafiti walichukua tRNA ya sisteini iliyokwisha kupakiwa sisteini, kisha wakaiondolea sisteini salfa yake kwa kutumia nikeli maalumu, nayo ikageuka kuwa alanini huku ikiwa bado imekaa juu ya tRNA ile ile. Walipoiweka kwenye mfumo wa kutengeneza protini, alanini iliingia mahali palipoandikwa sisteini. Kilichosomwa kilikuwa tRNA. Mzigo wake haukuulizwa.

Tahadhari. Usiseme kwamba hakuna kabisa kizuizi baada ya sinthetesi. Kipo kidogo: kipengele kiitwacho EF-Tu, kinachoibeba tRNA iliyopakiwa hadi kwenye ribosomu, hushika baadhi ya jozi zisizolingana kwa ulegevu au kwa kukaza kupita kiasi, na jozi hizo huchelewa au kushindwa kufika. Lakini EF-Tu hailinganishi amino asidi na kodoni, na haiwezi kuchukua nafasi ya usahihishaji wa IleRS. Ukitaja EF-Tu, itaje kwa sentensi moja na upite.

Ongeza pia sentensi moja kuhusu upande wa pili wa usahihi, yaani sinthetesi kuchagua tRNA inayostahili. IleRS huitambua tRNA yake kwa kiasi kikubwa kupitia antikodoni. Sinthetesi ya alanini haiiangalii antikodoni. Hutafuta jozi ya G3 na U70 kwenye shina la tRNA. Upande huu una matatizo machache kuliko wa amino asidi, kwa sababu tRNA ni molekuli kubwa yenye mahali pengi pa kushikwa, wakati valini na isoleusini hutofautiana kwa CH2 moja.

## Hatua ya 6: Hamisha kosa kwenye protini nzima

Kosa la 1 kwa 40 au 1 kati ya 3000 halina uzito mpaka uliweke kwenye protini. Chukua protini yenye isoleusini 40, ambayo ni idadi ya kawaida kwa protini ya ukubwa wa kati kwenda juu. Uwezekano wa molekuli moja kuwa na isoleusini zote sahihi ni sehemu ya usahihi, ikizidishwa kwa yenyewe mara 40:

```
Bila usahihishaji: (40/41)^40 = 0.37
Pamoja na usahihishaji: (2999/3000)^40 = 0.987
```

Bila chekeche la pili, molekuli 37 tu kati ya 100 zingekuwa kamilifu kwenye nafasi za isoleusini. Likiwepo, ni karibu 99. Hizi namba mbili ndizo zinazopaswa kuonekana kwenye aya ya mwisho ya jibu lako, kwa kuwa ndizo zinazotafsiri kemia ya mfuko kuwa hali ya seli.

Hata hivyo, usiandike kwamba molekuli 63 zilizobaki zote zingekufa. Valini na isoleusini zinafanana, zote hupenda kujificha ndani ya protini mbali na maji, na protini nyingi huvumilia badiliko moja la namna hii. Hali huwa mbaya zaidi pale amino asidi mbili zinazochanganywa zina tabia tofauti. Mfano ulio wazi ni wa panya wa maabara walioelezwa mwaka 2006, wenye badiliko moja kwenye eneo la kusahihishia la sinthetesi ya alanini. Badiliko hilo lilipunguza uwezo wa kuondoa serini kwa kiasi kidogo tu, lakini seli za Purkinje kwenye ubongo wao mdogo zilirundika protini zilizokunjika vibaya na kufa, na panya wakashindwa kutembea sawasawa. Somo la kuandika kwenye mtihani ni kwamba seli zisizogawanyika, kama zile za neva, haziwezi kuupunguza mzigo wa protini mbovu kwa kuugawa.

## Hatua ya 7: Lipa gharama

Valini 74 zilizokatwa ziligharimu ATP bila kuacha chochote. Kwa kila tRNA 3000 zilizofaulu, ambazo zilitumia ATP 3000, kuna ATP 74 zilizopotea. Hiyo ni kama asilimia 2.5. Kila ATP imepoteza bondi mbili, kwa hiyo bondi 148.

Hii ni hatua fupi, lakini ina alama zake, kwa sababu usahihishaji huu haupatikani bure. Ni uvunjaji wa ATP unaoupa mfumo nafasi ya pili ya kuchagua. Kama uamshaji ungekuwa mmenyuko usiotumia nishati, chaguo la pili lingerudisha tu uwiano ule ule wa kwanza.

## Hatua ya 8: Soma matokeo ya mirija na utambue chekeche lililoharibika

Maswali ya vitendo huja kama jedwali la mirija. Kila mrija una IleRS, valini na ATP, kisha huongezewa au kupunguziwa kitu. Hivi ndivyo inavyosomwa.

Mrija wa kwanza, bila tRNA. Val-AMP hutengenezwa na kubaki imeshikwa na kimeng'enya. AMP huru huonekana kidogo. Hii inathibitisha kwamba chekeche la kwanza linavuja.

Mrija wa pili, tRNA(Ile) imeongezwa. AMP huongezeka mfululizo, lakini Val-tRNA haijikusanyi. Matokeo haya huwachanganya wengi, wakadhani jaribio limeharibika kwa kuwa ATP inaisha na hakuna zao. Kinyume chake, huu ndio muonekano halisi wa usahihishaji: kimeng'enya kinaamsha, kinakata, kinaamsha tena.

Mrija wa tatu, kimeng'enya chenye eneo la kusahihishia lililoharibiwa. AMP hupungua kasi na Val-tRNA(Ile) hujikusanya. Ukiona zao likipanda huku matumizi ya ATP yakishuka, chekeche la pili limekufa.

Mrija wa nne, Val-tRNA(Ile) iliyotengenezwa mapema, pamoja na IleRS nzima, bila ATP. Valini huachiliwa. Mrija huu ndio pekee unaothibitisha usahihishaji wa baada ya uhamishaji, kwa kuwa hakuna Val-AMP ndani yake.

Mrija wa nne unahitaji walinzi wawili, yaani mirija miwili ya kulinganishia. Wa kwanza ni mrija usio na kimeng'enya, kwa sababu bondi inayoshika amino asidi kwenye tRNA huvunjika yenyewe taratibu, na haraka zaidi kwenye hali ya alkali na kwenye joto. Katika maabara ya hapa Dar es Salaam, ambako umeme ukikatika chumba hupata joto la nje ndani ya muda mfupi, tRNA iliyopakiwa iwekwe kwenye bafa ya asidi kidogo yenye pH karibu na 5, na juu ya barafu, mpaka dakika ya kuitumia. Mlinzi wa pili ni Ile-tRNA(Ile) pamoja na kimeng'enya. Hii inapaswa kubaki nzima. Ikivunjika, hukupima usahihishaji. Huenda AMP na PPi zimebaki kwenye sampuli na kimeng'enya kinaurudisha mmenyuko wa kupakia nyuma.

Kuna mtego mmoja zaidi ambao haumo kwenye michoro ya vitabu. Valini ya dukani inaweza kuwa na isoleusini kidogo ndani yake. Ikiwa ni asilimia 0.5 tu, hiyo ni isoleusini 1 kwa valini 200, na isoleusini hiyo, kwa kuwa kimeng'enya huipenda mara 200 zaidi, itaamshwa kwa kasi sawa na valini yote iliyomo. Utaona tRNA ikipakiwa na utadhani valini imepenya. Dalili yake ni kwamba upakiaji hupanda haraka mwanzoni kisha husimama ghafla, wakati isoleusini chafu imekwisha, ilhali valini bado ni tele. Kosa la kweli la valini kwenye kimeng'enya kilichoharibiwa huendelea kupanda mpaka tRNA iishe. Linganisha kimo cha mstari uliosimama na kiasi cha tRNA ulichoweka: ukisimama chini sana ya kiasi hicho, shuku uchafu kabla ya kushuku kimeng'enya.

## Hatua ya 9: Jaribu njia hii kwenye jozi nyingine

Funika kila kitu ulichoandika na uchukue sinthetesi ya threonini. Valini ina ukubwa na umbo karibu sawa na threonini, lakini haina kundi la OH. Sinthetesi hii huishika threonini kwa ioni ya zinki inayofungana na OH hiyo, hivyo valini hukataliwa mlangoni bila kuhitaji chekeche la pili. Serini ina OH na ni ndogo, kwa hiyo huingia, nayo lazima ikatwe kwenye eneo la kusahihishia. Ukiweza kufika hapo peke yako, kwa kuanzia kwenye michoro miwili na swali la nini kinaingia na nini hakiingii, umeielewa njia.

Kisha chukua sinthetesi ya alanini, na hapa utakutana na mpaka wa hoja ya ukubwa. Glisini ni ndogo kuliko alanini, na kuingia kwake kunatabirika. Lakini serini ni kubwa kidogo kuliko alanini, na bado huingia, kwa kuwa mfuko wa kimeng'enya hiki haukubana vya kutosha kuizuia OH yake. Eneo la kusahihishia la sinthetesi hii kwa hiyo linapaswa kuzikamata zote mbili, moja ndogo na moja kubwa kuliko ile inayolindwa, na halitegemei ukubwa peke yake kufanya hivyo. Jibu linalosema kwamba kila sinthetesi husahihisha kwa machekeche ya ukubwa litakosa alama kwenye jozi hii.